Sharti Ambalo Halikutumika

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni ameulizwa hivi: thibitisha kwamba kama n ni namba nzima chanya isiyo ya mraba, yaani si 1, 4, 9, 16 na kuendelea, basi √n haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima. Anaukumbuka uthibitisho wa √2, anaweka n mahali pa 2, na anaandika:

Tuseme √n = a/b, sehemu iliyokwisha kurahisishwa. Basi a² = nb². Kwa hiyo a² inagawanyika kwa n, na a pia inagawanyika kwa n. Tukiandika a = nk, tunapata b² = nk², hivyo b nayo inagawanyika kwa n. Lakini sehemu ilikuwa imerahisishwa. Hilo haliwezekani.

Hitimisho ni la kweli, na hapo ndipo msahihishaji anapoweza kupitiwa. Mimi huanza kwa kutafuta mahali sharti la swali lilipotumika. Tumeambiwa n si namba ya mraba, lakini katika mistari hiyo yote sharti hilo halimo. Kama halihitajiki, maneno hayohayo yangethibitisha kwamba hata √4 si sehemu, ilhali ni 2/1. Basi tuijaribu 4 yenyewe, mstari kwa mstari, kwa a = 2 na b = 1. Namba a² ni 4, nayo inagawanyika kwa 4. A ni 2, nayo haigawanyiki. Uthibitisho umevunjikia hapo. Hatua hiyo ilikuwa sahihi kwa √2 kwa sababu 2 ni namba tasa, na mwanafunzi alilichukua jambo hilo bila kulitaja.

Akionyeshwa, mara nyingi hurekebisha kwa kuchagua namba tasa p inayoigawa n, na kuandika n = pm. Sasa p inaigawa a kwa haki. Akiandika a = pk, anapata pk² = mb², kisha anasema p inaigawa b. Hapa ameacha hali moja: huenda p inaigawa m. Kwa n = 12 na p = 2, m ni 6, na b haijalazimishwa chochote. Akichagua 3 angeokoka, lakini kwa n = 8 hakuna namba tasa nyingine ya kukimbilia.

Njia inayofaa kwa zote ni kuhesabu. Ukiichambua a² kuwa zao la namba tasa, kila moja hutokea mara ya idadi shufwa. B² ni vivyo hivyo. Kwa kuwa a² = nb², kila namba tasa lazima itokee mara shufwa ndani ya n pia, na hiyo ndiyo maana ya kuwa namba ya mraba. Tuliambiwa n si ya mraba, na hapa sharti hilo limefanya kazi. Pambizoni mwa jaribio la kwanza, mimi huandika tu: „n = 4?“