Dagaa Si Mboga, Mwalimu?

Mwalimu wa darasa la kwanza amechora maduara matano sakafuni kwa chaki, halafu akamimina kikapu: mchele, kiazi kitamu, maharage, dagaa wakavu, karanga, mchicha, karoti, chungwa, chupa ya mafuta, na ndizi mbili, mbichi na mbivu. Maduara hayo ni makundi matano yaliyokuwa yamezoeleka katika mafunzo ya lishe Tanzania: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na vyakula vya wanyama, mbogamboga, matunda, mafuta na sukari.

Watoto huanza kwa kupanga rangi, karoti ikakaa na chungwa. Hilo hurekebishika upesi. Kosa gumu ni la lugha yetu wenyewe. Nyumbani mtoto akiuliza, "Mama, leo mboga nini?", anajibiwa "dagaa" au "maharage". Basi darasani anavipeleka kwenye duara la mbogamboga bila wasiwasi, na akikosolewa anashangaa, kwa haki kabisa. Mwalimu asimwambie amekosea. Amweleze kwamba mboga ya mezani ni chochote cha kulia ugali, lakini leo tunauliza chakula kimetoka wapi. Hiki kilikuwa kinaogelea? Hiki ni punje ya kwenye ganda? Hiki ni jani? Dagaa na maharage huhama vyenyewe.

Ndizi nazo zina ubishi wake. Mbichi imejaa wanga, hivyo inakaa na viazi. Ikiiva, sehemu kubwa ya wanga hugeuka sukari, nasi twaila kama tunda. Acheni watoto wabishane hapo kidogo.

Maduara hayohayo yanafaa kupimia chakula anachobeba mtoto. Chukua chapati mbili na chai ya sukari: zimegusa duara la kwanza na la mwisho tu. Punguza chapati moja. Weka maharage yaliyokaushwa mchuzi, vipande vya karoti, na chungwa zima badala ya chai. Chungwa lina kazi ya ziada, kwani vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Tatizo ni joto. Maharage yaliyofungwa saa moja asubuhi yakaliwa saa nne yakiwa vuguvugu yanaweza kumuumiza mtoto tumbo hata kama hayajanuka. Yachemshe asubuhi hiyo, suuza hotipoti kwa maji yanayochemka, kisha ujaze papo hapo. Ijaribu kwanza nyumbani siku ya mapumziko: ukiifungua baada ya saa tatu, maharage yawe bado yanatoa mvuke. Kama hayatoi, mpe karanga za kukaanga badala yake, mradi hazimdhuru yeye wala mwenzake wa dawati. Mdogo wake aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba, mtwangie.