Naomba hadi Jumatano tarehe 27

Mteja aliyewahi kuagiza kitanda, kabati au seti ya viti Keko, Dar es Salaam, anaijua ratiba isiyoandikwa ya mafundi. Siku ya ahadi ikifika, "imebaki kupiga msasa tu." Wiki inayofuata, "imebaki vanishi tu." Baada ya hapo simu inaita bila kupokelewa. Fundi huyo huenda si tapeli, na pengine kazi anaifanya, tena vizuri. Kilichomshinda ni kusema mapema kwamba siku hazitatosha, na kutaja tarehe nyingine inayoweza kusimama.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu za karakana yoyote ya samani. Mama mmoja anafungua mgahawa Jumamosi tarehe 30 Mei. Ameagiza meza 6 na viti 24 vya mninga, ametoa advansi ya nusu, na makubaliano ni kukabidhiwa mzigo Ijumaa tarehe 15 Mei. Jumanne tarehe 5, meza zote zimeshaungwa na viti 10 vimesimama. Fundi anaichukua mbao ya viti 14 vilivyobaki, anachomeka sindano mbili za kipima unyevu, na kioo kinaonyesha asilimia 22.

Namba hiyo ndiyo kiini cha mkasa wote. Unyevu wa mbao hupimwa kwa uzito wa mbao iliyokauka kabisa, kwa hiyo asilimia 22 maana yake ni kwamba kila kilo 100 za mbao kavu zimebeba kilo 22 za maji. Samani za ndani zinataka unyevu wa asilimia 12 hivi, ukizidi kidogo kwa ajili ya hewa ya Pwani si neno. Mninga husinyaa kidogo ukilinganisha na mbao nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi kuupenda, lakini hakuna mbao isiyosinyaa kabisa. Kiti kikiungwa kikiwa kibichi, siku ya kukabidhi kitakuwa imara na kitapendeza. Kisha kitaingia kwenye mgahawa wenye kiyoyozi, hewa kavu itayafyonza yale maji, ulimi wa mbao uliobana ndani ya tundu lake utapungua, gundi itaachia, na baada ya miezi michache mteja mzito ataegemea nyuma na kusikia mlio.

Hapo fundi ana njia mbili za kuomba muda, na ile inayotumiwa sana ndiyo mbaya. Anangoja hadi tarehe 14 jioni, halafu anapiga simu na kusema mvua zimezidi, umeme unasumbua, na kijana wake mmoja kafiwa. Yote matatu yanaweza kuwa kweli. Ila hakuna hata moja linalomwambia mama lini atapata viti. Sababu inayofaa kutajwa ni ile inayozaa tarehe: mbao ni mbichi, mbao kavu inapatikana siku fulani, kuanzia hapo kazi inachukua siku kadhaa. Sababu inayoomba huruma peke yake humwacha mteja na huruma bila kalenda. Msiba nao una nafasi yake, kwa sababu fundi akipungua kazi inapungua kasi, lakini basi useme inapungua kwa siku ngapi.

Kwa hiyo kabla ya simu huja hesabu. Fundi anauliza kwanza kuhusu tanuru la kukaushia. Anaambiwa kuna foleni, na hata mbao ikiingia leo itakaa humo zaidi ya wiki, maana ikiharakishwa itapasuka na kupinda. Njia hiyo haifai. Muuzaji mwingine ana mninga mkavu, bei iko juu, na anaweza kuufikisha Jumamosi tarehe 9. Fundi anaifuata mbao hiyo na kipima chake mkononi kabla ya kulipa, kwa sababu ahadi yote itasimama juu yake. Kazi itaanza Jumatatu tarehe 11.

Viti ni 14. Katika karakana hii fundi mmoja hukata, huchonga na kuunga kiti kimoja kwa siku. Kwa mafundi wawili hizo ni siku 7 za kazi, yaani hadi Jumatatu tarehe 18. Msasa siku 2, vanishi mikono mitatu kwa siku 3, kisha siku 3 za kuacha ikomae kabla viti havijapangwa juu ya gari. Mzigo unakuwa tayari Jumatano tarehe 27. Ukisikia haraka haraka utadhani jibu limepatikana, kwani mgahawa unafunguliwa tarehe 30. Lakini Mei ni mwezi wa masika. Vanishi ya kupuliza ikipigwa hewa ikiwa imejaa unyevu huota ukungu mweupe: dawa ya kuyeyushia inapokimbia huupoza uso wa mbao, mvuke unaganda juu yake, na maji yananaswa ndani ya vanishi. Fundi makini hapulizi siku ya mvua, anangoja. Siku 2 za kungojea mvua zikiongezwa, tarehe inakuwa Ijumaa 29, mkesha wa ufunguzi. Hiyo si tarehe ya kumpa mtu.

Anachofanya ni kukodi fundi wa tatu. Viti 14 sasa vinachukua siku 5, Jumatatu tarehe 11 hadi Ijumaa tarehe 15. Msasa Jumamosi tarehe 16 na Jumatatu tarehe 18. Vanishi tarehe 19, 20 na 21. Kukomaa tarehe 22, 23 na 24, na hii ya mwisho ni Jumapili, siku ambayo karakana imefungwa lakini vanishi haijui kama ni mapumziko. Jumatatu tarehe 25 viti viko tayari. Zikiongezwa siku 2 za mvua, inakuwa Jumatano tarehe 27. Tarehe ni ileile iliyotokea mwanzo, ila ile ilikuwa tupu na hii ina akiba ndani yake. Na mafundi wengi huteleza hapahapa: wanampa mteja tarehe 25 ili kumfurahisha, mvua ya siku moja inawalazimisha kuomba tena, na ombi la pili hakuna anayelisikiliza kwa sikio la kwanza.

Kuna jambo jingine la kutazama kabla ya kupiga simu: nini kinaweza kwenda kwa tarehe ya zamani? Meza 6 na viti 10 vimeungwa kwa mbao kavu. Msasa tarehe 6 na 7, vanishi tarehe 8, 9 na 11, kukomaa 12 hadi 14. Mvua ikikubali, vinatoka Ijumaa tarehe 15 kama ilivyoahidiwa. Mama ataweza kupanga ukumbi, kupima nafasi na kupiga picha za matangazo. Ombi la kuchelewesha kila kitu linakuwa ombi la kuchelewesha viti 14.

Simu inapigwa siku hiyohiyo ya Jumanne au kesho yake asubuhi, mara hesabu inapokamilika. Salamu hazikatwi, maana huku kwetu mtu hawezi kuanza na mbao kabla ya kuuliza watoto, ila zikiwa ndefu kupita kawaida mteja anaanza kuhisi balaa. Baada ya simu unafuata ujumbe wa maandishi, kwa sababu maneno ya simu kila mmoja huyakumbuka kwa upande wake:

"Shikamoo mama. Kama tulivyoongea sasa hivi, mbao za viti 14 nimezipima leo, zina unyevu wa asilimia 22. Nikiziunga hivi, viungo vitalegea ukishawasha kiyoyozi. Nimepata mninga mkavu, unafika Jumamosi tarehe 9. Gharama iliyozidi ni yangu, bei yako haibadiliki. Meza 6 na viti 10 naleta Ijumaa tarehe 15 kama tulivyokubaliana. Viti 14 naomba hadi Jumatano tarehe 27 Mei, saa 4 asubuhi, nikufikishie mgahawani. Tarehe 15 jioni vyote 14 vitakuwa vimeungwa, ukipenda pita uvione kabla ya vanishi. Naomba unijibu kama tarehe hii unaikubali."

Sentensi ya gharama imewekwa kwa makusudi. Mbao aliichagua fundi, kwa hiyo hasara ni yake, na mteja akisoma hilo hana haja ya kuanza mabishano. Ingekuwa mama ndiye aliyebadilisha urefu wa viti katikati ya kazi, au aliyechelewesha malipo ya awamu ya pili, maneno yangekuwa mengine: fundi angetaja tarehe ya badiliko hilo na siku lililoongeza, tena siku ileile, bila kungoja lije kuwa utetezi. Kwenye ujenzi mkubwa jambo hili limewekewa saa kabisa. Masharti ya mikataba ya FIDIC, toleo la mwaka 1999, yanamtaka mkandarasi atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo linalomchelewesha. Akipitisha, haki ya kuongezewa muda inapotea hata kama sababu yake ni ya kweli.

Mama ana haki ya kukataa. Anaweza kuuliza, "Na tarehe 27 ikipita?" Fundi asijibu kwa kuapa. Jibu lenye uzito ni lile linalomgharimu: kwamba ifikapo Jumatatu tarehe 25, akiona hali imeharibika, atakodi viti 14 kwa fedha yake vitumike siku ya ufunguzi hadi vya kwake vitoke. Asiyeweza kutoa ahadi ya namna hiyo huenda hata yeye haiamini tarehe yake, na mteja mzoefu hulisikia hilo sautini.

Jibu la mama nalo lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, pale ambapo muda ulikuwa sehemu ya msingi ya makubaliano, aliyecheleweshewa anaweza kuuvunja mkataba. Akikubali kupokea kazi kwa siku nyingine, hawezi kudai fidia ya ucheleweshaji ule isipokuwa awe ametoa taarifa ya kudai wakati anakubali. Ndiyo maana mteja mjanja haandiki "sawa" peke yake. Huandika: "Nimekubali tarehe 27, lakini matangazo ya ufunguzi nimeshalipia. Ukikosa siku hiyo nitakudai." Ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishafungua mlango huo. Fundi anayeupata ujumbe kama huo hana sababu ya kununa. Ajibu "Nimepokea, mama," kisha aende akaipime mbao mpya.