Namna ya Kukagua Picha ya Majibu ya Damu Inayosambazwa Mtandaoni

Picha za majibu ya maabara husambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii zikiambatana na maombi ya mchango wa matibabu. Nyingi ni za kweli. Baadhi hubadilishwa tarakimu moja tu, ili mtu mwenye afya aonekane mahututi. Kwa majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, upo ukaguzi ambao mwananchi anaweza kuufanya kwa kikokotoo cha simu.

Ukaguzi huo unawezekana kwa sababu namba za kipimo hiki hutegemeana. Mashine hupima kiasi cha himoglobini, kinachoandikwa HGB, na kuhesabu seli nyekundu za damu, zinazoandikwa RBC. Aidha, hutoa HCT, yaani asilimia ya damu inayojazwa na seli hizo. MCH na MCHC hazipimwi. Mashine huzikokotoa kutokana na namba hizo kwa kanuni zifuatazo:

```
MCH  = HGB × 10 ÷ RBC
MCHC = HGB × 100 ÷ HCT
```

Kanuni hizi hutumika pale HGB inapoandikwa kwa g/dL na HCT kwa asilimia. Zipo maabara zinazoandika HGB kwa g/L, ambapo 14.1 husomeka 141. Kwa hiyo, vipimo vya ujazo viangaliwe kwanza kabla ya hesabu yoyote.

Chukuliwe mfano wa picha inayoonesha HGB 4.1, RBC 4.82, HCT 42.3, MCH 29.3 na MCHC 33.3. Himoglobini ya 4.1 ni upungufu mkubwa wa damu unaohatarisha maisha, na ndiyo namba itakayowagusa wasomaji. Hata hivyo, 4.1 ikizidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 42.3, jibu ni 9.7, wala si 33.3. Vilevile, MCH ingepaswa kuwa 8.5. Iwapo HGB itawekwa 14.1, MCHC inakuwa 33.3 na MCH 29.3, sawasawa na zilizochapishwa. Ishara ni kwamba tarakimu 1 iliyotangulia imeondolewa, huku namba nyingine zikiachwa kama zilivyokuwa. Tofauti ndogo, mathalani 33.3 na 33.4, isichukuliwe kuwa kasoro, kwani hutokana na kukadiria desimali.

Ni muhimu kutofautisha hesabu isiyolingana na namba isiyo ya kawaida. MCHC kwa kawaida huwa kati ya 32 na 36. Hushuka kwa mwenye upungufu wa madini ya chuma, na huweza kupanda isivyo kawaida pale damu inapokuwa na mafuta mengi au seli zinaposhikamana kwa baridi. Katika hali hizo namba hushangaza, lakini hesabu hulingana, kwa kuwa mashine yenyewe ndiyo iliyoikokotoa. Mgonjwa wa namna hiyo asishukiwe.

Ukaguzi huu una mipaka. Kwanza, hesabu isiyolingana si uthibitisho wa kughushi. Majibu yaliyonakiliwa kwa mkono huweza kuwa na kosa la uandishi, na mtaalamu wa maabara huweza kusahihisha namba moja bila kukokotoa upya nyingine. Pili, hesabu inayolingana haithibitishi ukweli. Anayeijua kanuni anaweza kubadilisha namba zote, au kuchukua majibu halisi ya mgonjwa mwingine na kubadilisha jina na tarehe pekee. Hapo hesabu haitaonesha chochote.

Tatu, ukungu unaozunguka maandishi si ushahidi wa kutosha. Picha inapotumwa kupitia WhatsApp hupunguzwa ukubwa, na taarifa za kamera na tarehe ya kupigwa huondolewa, hata kama picha ni halisi.

Uthibitisho hupatikana katika maabara iliyotoa majibu, ambayo huweza kulinganisha namba ya sampuli na kumbukumbu zake. Maabara haipaswi kumweleza mtu yeyote anayepiga simu, kwa kuwa taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayestahili kuomba nakala mpya ni mgonjwa mwenyewe au aliyeidhinishwa naye. Njia nyingine ni kulipia gharama moja kwa moja katika akaunti ya hospitali, kwa namba ya ankara ya mgonjwa, badala ya kutuma fedha kwa namba binafsi.

Mwananchi anayebaini hesabu isiyolingana anashauriwa kumuuliza mwombaji kwa faragha na kusubiri nakala mpya. Kumtangaza mtu kuwa tapeli kwa kigezo cha namba moja kunaweza kumnyima damu mgonjwa ambaye kosa lake pekee ni karani aliyekosea kuandika.