Umeme wa Kituo cha Data (2): Akiba Ikae Wapi?

Juma lililopita tuliufuata umeme kutoka transfoma ya nje hadi kwenye UPS, tukaona jinsi betri zinavyoziba zile sekunde chache kabla jenereta haijashika mzigo. Lakini UPS nayo ni mashine, na mashine huharibika. Siku ikiharibika, nani atabeba?

Tuchukue kituo cha mfano chenye seva zinazokula kilowati 1,200, na UPS za kilowati 600 kila moja. Wahandisi huita N kile kiasi kinachotosha mzigo bila ziada yoyote. Hapa N ni mashine mbili. Ukiongeza ya tatu umepata N+1: jumla kilowati 1,800, na yoyote kati ya hizo tatu inaweza kuzimwa bila seva kujua lolote.

Kwenye karatasi inapendeza, na wauzaji huipenda kwa sababu bei yake haimtishi mteja. Tatizo lake haliko kwenye mashine, liko mbele yake. Mashine zote tatu humwaga umeme kwenye ubao mmoja mkuu, na kutoka hapo ndipo nyaya zinapogawanyika kwenda kwenye raki. Ubao huo ukipigwa shoti, UPS tatu nzima zitabaki zinanguruma bila mtu wa kumpelekea umeme. Na hata usipopigwa shoti, nati zake hulegea kwa joto, na fundi anayetaka kuzikaza kwa usalama hana budi kuuzima. Kuuzima ni kuzima kituo. Ndiyo maana katika vituo vingi vya namna hii kazi hiyo huahirishwa mwaka hadi mwaka, mpaka ubao wenyewe uamue tarehe.

Mpango wa 2N unaondoa ubao huo wa pamoja. Unajenga njia mbili kamili zisizogusana, A na B, kila moja ikiwa na UPS zake, ubao wake na nyaya zake, na kila moja ikiweza kubeba kilowati 1,200 peke yake. Seva nyingi za kisasa zina pawa saplai mbili. Waya mmoja huchomekwa upande wa A, wa pili upande wa B. Fundi anaweza kuzima upande mzima asubuhi, akafanya kazi yake kwa utulivu, akaurudisha jioni.

Gharama yake ni kwamba umenunua kilowati 2,400 ili utumie 1,200. Kila upande haupaswi kuvuka nusu ya uwezo wake maisha yake yote, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Msimamizi anaangalia kioo cha UPS, anasoma asilimia 58 upande wa A na 54 upande wa B, anaona bado kuna nafasi, anaruhusu raki nyingine. Hana nafasi. Jumla ni 112: akizima upande mmoja, wa pili unazidiwa. Amelipia 2N, lakini akiba haipo tena.

Kosa la pili ni la waya. Agosti 2016 shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata hitilafu ya umeme kwenye kituo chake cha Atlanta, na kwa siku tatu likafuta safari zaidi ya 2,000. Umeme wa akiba ulikuwepo. Ila viongozi wake walieleza baadaye kwamba vifaa takriban 300 kati ya 7,000 vilikuwa havijaunganishwa nao ipasavyo. Ni sehemu ndogo ya kituo, lakini mifumo hutegemeana: kikilala kimoja kinachoulizwa na vingine mia, vyote husimama kukisubiri.

Sasa tuje kwenye mpango wa tatu, ambao ndio uliofanya nikaamua kuandika sehemu hii. Huitwa akiba iliyosambazwa. Tunarudi kwenye UPS tatu za kilowati 600, zilezile za N+1, lakini hazikutanishwi kwenye ubao mmoja. Kila moja, tuiite A, B na C, ina njia yake yenyewe. Kisha raki hugawanywa katika makundi matatu: kundi la kwanza huchomekwa A na B, la pili B na C, la tatu C na A. Kila kundi likiwa na kilowati 400, kila UPS hubeba nusu ya makundi mawili, yaani 400, au theluthi mbili za uwezo wake. A ikizimika, nusu yake ya kundi la kwanza huhamia B, nusu yake ya kundi la tatu huhamia C, na kila moja hufika 600 kamili. Seva zote zinaendelea. Umepata njia mbili kwa kila raki kama 2N, kwa idadi ya mashine za N+1.

Hesabu hiyo hutimia makundi yakilingana tu, na mpangaji anayeleta raki mpya haangalii makundi, anaangalia wapi pana nafasi sakafuni. Tuseme baada ya miaka miwili kundi la A na B lina kilowati 500, la B na C 300, la C na A 400. Jumla bado ni 1,200. Kwenye vioo A inasoma 450, B 400, C 350. Hakuna taa nyekundu popote.

B inazimika. A sasa inabeba kundi la kwanza lote, 500, pamoja na nusu ya kundi la tatu, 200. Hiyo ni 700 kwenye mashine ya 600. UPS huvumilia ziada kama hiyo kwa muda mfupi, kisha hujiondoa na kupitisha umeme moja kwa moja kutoka nje. Kama umeme wa nje haupo au breka imekata, A inaanguka. Kundi la kwanza limebaki gizani, kwa kuwa njia zake zote mbili zimekufa. Kundi la tatu linahamia lote kwa C, ambayo tayari imebeba kundi la pili lote: 400 na 300, tena 700. C nayo inafuata. Hitilafu moja imezima jengo zima.

Kwa hiyo kipimo cha mpango huu si kile kinachosomeka kwenye kioo leo. Kwa kila UPS, unajumlisha mzigo wake na ule itakaourithi jirani mmoja mmoja akizimika, na jumla kubwa kuliko zote ndiyo unayoilinganisha na 600. Raki isiingie kabla hesabu hiyo haijafanywa, kwa mzigo uliopimwa, si ulioandikwa kwenye kibandiko cha seva. Ukiwa na UPS tatu una jozi tatu; nne, jozi sita; tano, jozi kumi. Nne za kilowati 400 zinatosha kituo chetu, jumla 1,600 tu badala ya 1,800, ila daftari la hesabu hiyo limeongezeka maradufu.

Kwa chumba cha seva cha benki au idara yenye kilowati mia mbili na mafundi wawili wanaopokezana, ningejenga 2N bila kusita. Fedha inayookolewa na mpango wa tatu hapo ni ndogo, na mtu wa kulinda daftari akihamishwa kituo cha kazi, mrithi wake hatapewa zaidi ya funguo.

Juma lijalo: jenereta, na kwa nini huwaka kila zinapojaribiwa bila mzigo.