Watoto wakijibu kwa pamoja, usidhani wameelewa

WIKI mbili zilizopita niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya Nne katika shule moja mtaani Uthiru, nikimkagua mwalimu mwanagenzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mada ilikuwa upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya KI-VI. Alichora jedwali safi ubaoni, akasoma sentensi sita, nao watoto wakazirudia kwa sauti moja: “Kitabu changu kimepotea.” Akawauliza kama wameelewa. “Ndiyo, mwalimuuu!” Basi akawapa zoezi la sentensi kumi.

Nilipopita kati ya madawati, nilimkuta mtoto mmoja ameandika, “Kiti yangu imevunjika.” Jirani yake alikuwa ameandika, “Kiongozi changu kimefika.”

Tulipotoka nje, mwanagenzi aliniuliza, “Lakini Prof, si wote walijibu vizuri?” Nikamwambia kwamba walirudia tu, hawakujibu. Somo lake lilikuwa na mwanzo na mwisho, ila katikati palikuwa patupu.

Mwaka 1983, wataalamu wa Marekani P. David Pearson na Margaret Gallagher walieleza namna mzigo wa kazi unavyopaswa kuhama polepole kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Hapa kwetu, mpango wa Tusome ulioenezwa nchini kote kuanzia 2015 ulifuata njia hiyo hiyo katika madarasa ya chini: mwalimu anafanya, tunafanya pamoja, kisha mwanafunzi anafanya peke yake. Walimu wengi wanazijua hatua hizi tatu. Taabu ni kuzipangia kazi katika andalio la somo.

Tulichukua somo lile lile la dakika 35, tukaliandika upya.

Dakika nane za kwanza ni za mwalimu. Hapa kusoma sentensi sahihi hakutoshi, kwa sababu mtoto wa Nairobi husikia “yangu” na “ime-” kwa kila kitu, kuanzia kwenye matatu hadi nyumbani. Anahitaji kusikia mwalimu akifikiri kwa sauti: “Kiti. Wingi wake ni viti, kwa hivyo kiko katika KI-VI. Ni changu, kwa maana ki- ikikutana na -angu huwa changu. Kitenzi nacho kianze kwa ki-: kimevunjika.” Mifano miwili ya namna hiyo yatosha. Kisha aandike kosa lenyewe, “kiti yangu imevunjika”, na alisahihishe mbele yao akitaja sababu.

Dakika 15 zinazofuata ndizo moyo wa somo. Katika sentensi ya kwanza mwalimu anataja wingi, watoto wanatafuta viambishi. Ya pili wanaifanya wawili wawili, kila mmoja akimweleza mwenzake kwa nini. Ya tatu kila mtoto anaiandika peke yake na kuinua daftari. Msaada unapungua sentensi baada ya sentensi. Wakati huo mwalimu hakai mezani. Anaangalia daftari kama kumi kutoka safu mbalimbali, hasa za nyuma. Kipimo changu ni hiki: watatu kati ya hao kumi wakikosea, rudi ubaoni na mfano mpya. Kelele za darasa zima hazikupi habari hiyo, kwa kuwa wanaojua huwafunika wasiojua.

Dakika kumi ni za kazi ya mtu binafsi, na mbili za kufunga somo. Sentensi tano zatosha, zenye nomino mpya lakini ujuzi ule ule: kisu, kikombe, chakula. “Kiongozi” haina nafasi hapo. Ingawa huanza kwa ki-, ni kiumbe mwenye uhai na hufuata A-WA: kiongozi wangu amefika. Kuiweka katika zoezi kabla ya kuifundisha ni kumtega mtoto. Hiyo ni mada ya siku nyingine, nayo itaanza upya kwa mwalimu kuonyesha.

Mwanagenzi alilirudia somo Alhamisi iliyofuata. Nilienda moja kwa moja kwa yule mtoto wa kiti. Safari hii alikuwa ameandika, “Kiti changu imevunjika.”

Mwalimu alisikitika. Mimi sikusikitika, maana kosa lilikuwa limepungua nusu na lilituonyesha pa kuanzia kesho. Kimilikishi kimeshika, kitenzi bado. Hakuna haja ya kurudia jedwali lote. Mtoto huyu arejeshwe katika hatua ya kufanya pamoja, kwa sentensi mbili tatu za vitenzi pekee, kisha aachwe ajaribu tena peke yake.