Je, Wajua? Alama moja ya hasi hugeuza majibu yote mawili

Chukua mlinganyo wa kwadrati x² − 2x − 15 = 0. Hapa b ni −2, kwa hiyo −b ni 2, na kanuni inatoa x = (2 ± 8)/2, yaani 5 na −3. Mwanafunzi akiandika −2 mahali pa −b, anapata 3 na −5, ingawa hatua nyingine zote ziko sawa. Kosa hili lina ujanja: ukizidisha majibu hayo unapata −15 ileile, hivyo ukaguzi wa kuzidisha haulinasi. Yajumlishe: yanatoa −2, wakati jumla sahihi ni 2. Au weka 3 kwenye mlinganyo: 9 − 6 − 15 ni −12, si sifuri.