Oili Inayopanda Yenyewe

Taa ya dashibodi inaonya kwamba oili imezidi, na hakuna aliyeongeza hata tone. Kilichoongezeka ni petroli. Injini baridi hupuliziwa petroli nyingi, na isiyoungua huteremka pembeni mwa pistoni hadi kwenye sampu. Safari ndefu huipasha oili moto, petroli ikatoka kama mvuke. Mwendo wa dakika 10 hautoshi. Mwaka 2018, kaskazini mwa China kwenye baridi kali, ndivyo ilivyowakuta wenye Honda CR-V za turbo, lita 1.5. Oili ya namna hiyo huwa nyepesi mno kulinda beringi. Chomoa dipstiki asubuhi: ikipita alama ya juu na kunuka petroli, usipunguze tu. Mwaga yote, weka mpya.